Ruhusa ya Kuwasha au Intaloki: Sharti la Mashine Liwekwe Upande Gani wa Saketi?

Mashine ya kukamua alizeti ninayoizungumzia ipo Kibaigwa, kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma, na inaendeshwa na mota ya fezi tatu ya kilowati 7.5 kupitia mikanda miwili. Nilipoitwa kuiangalia, mwenye mashine alinieleza tatizo lake kwa maneno ambayo, kwa mtu aliyezoea saketi za udhibiti, yalikuwa tayari ni nusu ya jibu.

"Fundi, kava la mkanda likiwa wazi hii mashine haiwaki hata ubonyeze vipi. Lakini ikishawaka, unaweza kulitoa kava na yenyewe inaendelea tu."

"Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, mama?"

"Hapana. Zamani ukiligusa tu kava inazima. Imeanza hivi tangu tubadilishiwe boksi la vitufe."

Hakukuwa na kifaa chochote kilichoharibika. Swichi ya kava ilikuwa nzima, kontakta ilikuwa nzima, na vitufe vilikuwa vipya. Kilichotokea ni kwamba waya mmoja ulikuwa umehamishwa hatua moja tu kwenye konekta, na uhamisho huo uliligeuza sharti lililokuwa intaloki kuwa ruhusa ya kuwasha. Kwa kuwa mafundi wengi huyatumia majina haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, nimeona niyaweke bega kwa bega nikitumia mashine hii hii, ili anayechora saketi yake aweze kuamua kila swichi ikae wapi.

Saketi ya kuwasha na kuzima inajulikana na karibu kila fundi wa mota, lakini inafaa tuipitie taratibu, kwa sababu tofauti yote imo ndani ya umbo lake. Fezi ya udhibiti hutoka kwenye fyuzi, hupita kwenye pointi ya 95 na 96 ya ovalodi, kisha kwenye kitufe cha kuzima, ambacho pointi yake hufunga saketi wakati wote kisipobonyezwa. Kutoka hapo hufika kwenye kitufe cha kuwasha, ambacho pointi yake huwa wazi mpaka kibonyezwe, kisha huingia kwenye koili ya kontakta kupitia A1 na kutoka A2 kwenda nyutro. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, koili hupata umeme na kontakta huvuta. Ukikiachia, ingezima mara moja, isipokuwa kwamba kontakta yenyewe ina pointi saidizi, yenye namba 13 na 14, iliyofungwa sambamba na kitufe hicho. Kontakta inapovuta, pointi hiyo hufunga na kuipa koili njia ya pili ya umeme, kwa hiyo kontakta inajishikilia yenyewe. Ndiyo maana naiita pointi ya kujishikilia, ingawa karakanani wengi husema tu "holdingi".

Kwa hiyo saketi hii ina sehemu mbili zisizofanana. Ipo njia kuu, ambayo umeme wa koili lazima uipite wakati wote, mashine ikiwa inawaka au inaendelea. Na ipo njia ya kitufe, ambayo umeme huihitaji kwa sekunde moja tu ya kuwasha, kisha pointi ya kujishikilia inaikwepa kabisa. Swichi yoyote utakayoiweka kwenye njia kuu itakuwa na mamlaka juu ya mashine wakati wote. Swichi hiyo hiyo ukiiweka kwenye njia ya kitufe, itasikilizwa wakati wa kuwasha tu, na baada ya hapo ifunguke isifunguke, mashine haina habari nayo. Ya kwanza ndiyo intaloki, ya pili ndiyo ruhusa ya kuwasha. Swichi inaweza kuwa ya aina ile ile na kutoka duka lile lile, lakini jina lake hutokana na mahali ilipofungwa.

Anayetumia kidhibiti cha programu ataiona tofauti hiyo kama nafasi ya mabano. Hivi ndivyo mashine ya Kibaigwa ilivyotakiwa kuwa, nikiwa nimeyapa masharti majina mafupi, ambapo K1 ni kontakta ya mashine, KAVA ni swichi ya kava la mkanda na LANGO ni swichi ya lango la hopa:

```
K1 := OVALODI AND ZIMA AND KAVA
      AND ((WASHA AND LANGO) OR K1);
```

Na hivi ndivyo ilivyokuwa imefungwa nilipoikuta:

```
K1 := OVALODI AND ZIMA
      AND ((WASHA AND LANGO AND KAVA) OR K1);
```

Neno moja limehama kutoka nje ya mabano kwenda ndani. Ukiijaribu mashine kwa kuiwasha tu, saketi hizi mbili hazitofautiani hata kidogo, kwa sababu zote mbili zinakataa kuwaka kava likiwa wazi na zote mbili zinakubali likifungwa. Tofauti huonekana pale tu sharti linapovunjika mashine ikiwa inazunguka, na hilo ni jaribio ambalo fundi mwenye haraka huwa halifanyi.

Kuna jambo hapa ambalo huwachanganya wengi. Intaloki iliyo kwenye njia kuu huzuia pia kuwasha, kwa kuwa bila hiyo koili haiwezi kupata umeme hata kitufe kikibonyezwa. Kila intaloki, basi, ni ruhusa pia, lakini ruhusa si intaloki. Nimewahi kuona michoro ambamo swichi moja imewekwa mara mbili, mara moja kwenye njia kuu na mara nyingine kwenye njia ya kitufe, mchoraji akidhani kila kazi inahitaji pointi yake. Ile ya pili haifanyi kazi yoyote zaidi ya kuongeza mahali pa kulegea kwa waya.

Kama ni hivyo, mtu anaweza kuuliza kwa nini asiweke kila sharti kwenye njia kuu na kulala usingizi. Jibu lipo kwenye lango la hopa. Mashine ya kukamua haipaswi kuwashwa huku mbegu zikiingia kwa wingi. Huanza ikiwa tupu, parafujo ikazunguka kwa uhuru, kisha mwendeshaji hufungua lango kidogo kidogo kadiri silinda inavyopata joto na mashudu yanavyoanza kutoka yakiwa makavu. Ikiwashwa lango likiwa wazi, parafujo hukutana na mzigo kabla haijapata mwendo. Mota ya kilowati 7.5, ambayo kwa volti 400 huchukua takriban ampea 15 ikiwa na mzigo kamili, huvuta mara sita hivi ya kiasi hicho wakati wa kuanza, na ikishindwa kuongeza mwendo hubaki ikivuta karibu ampea 90 mpaka ovalodi iachie. Kwa hiyo lango kufungwa ni sharti la kweli la kuwasha. Lakini ni sharti ambalo lazima livunjwe dakika chache baadaye, maana bila kufungua lango hakuna mafuta. Ukiliweka kwenye njia kuu, mashine itazima kila mwendeshaji anapogusa lango, na baada ya siku mbili utakuta swichi hiyo imefungwa kwa waya wa kubinda ili isisumbue. Sharti linalotakiwa kuwa kweli mwanzoni na kuwa uongo kazini haliwezi kuwa intaloki; nafasi yake ni njia ya kitufe peke yake.

Kava la mkanda ni kinyume chake. Hakuna wakati wowote wa kazi ambapo mashine inapaswa kuzunguka huku mikanda na puli zikiwa wazi, na wakati wa hatari zaidi si ule wa kuwasha, kwani wakati huo mwendeshaji yupo kwenye vitufe. Hatari ni pale katikati ya kazi, mkanda unapoteleza na kunuka, ndipo mtu huinua kava achungulie. Swichi ya kava iliyofungwa kama ruhusa hukulinda saa ambayo huhitaji kulindwa na kukuacha saa unayohitaji.

Swali ninalojiuliza kwa kila sharti, basi, ni hili: mashine ikiwa inazunguka, sharti hili likivunjika sasa hivi, ninataka isimame? Nikijibu ndiyo, linakwenda njia kuu. Nikijibu hapana, linakwenda njia ya kitufe. Ovalodi na kava ni ndiyo bila mjadala. Lango la hopa ni hapana bila mjadala. Mkonga unaoondoa mashudu, wenye mota yake na kontakta yake K2, unahitaji kufikiriwa kidogo: ukisimama huku mashine ikiendelea, mashudu hujaa mdomoni na kuziba, kwa hiyo pointi saidizi ya K2 inakwenda njia kuu ya K1. Hapo hapo unapata faida ya pili bila kuongeza chochote, kwamba mashine haiwezi kuwaka kabla ya mkonga, kwa hiyo utaratibu wa kuwasha unajilinda wenyewe.

Yapo pia masharti yasiyoingia upande wowote moja kwa moja. Shinikizo la oili kwenye kompresa ambayo pampu yake ya oili inazungushwa na shafti ile ile ni mfano mzuri. Huwezi kulifanya ruhusa, maana kabla ya kuwasha shinikizo halipo. Huwezi kuliweka njia kuu lilivyo, kwa sababu hiyo hiyo. Hapo huwekwa taima inayolikwepa sharti hilo kwa sekunde chache za mwanzo, kisha inaliacha litawale kama intaloki. Mashine ya alizeti haina jambo hilo, kwa hiyo siliendelezi.

Turudi kwenye boksi la vitufe. Kwenye konekta ya mashine ile, waya wa 3 ndio unaotoka kwenye kitufe cha kuzima na kuingia kwenye swichi ya kava, waya wa 4 unatoka kwenye swichi ya kava na kwenda kwenye kitufe cha kuwasha, na waya wa 6 unakwenda A1 ya koili. Pointi ya kujishikilia ilitakiwa kuunganisha 4 na 6. Aliyebadilisha boksi aliunganisha 3 na 6. Sidhani alikuwa mzembe: boksi nyingi za vitufe viwili huja zikiwa na kipande cha waya kinachounganisha kitufe cha kuzima na cha kuwasha, na mtu aliyezoea mashine zisizo na swichi ya kava huchukua waya wa kujishikilia pale pale kwenye kitufe cha kuzima, kwa kuwa kwenye mashine hizo ndiyo hatua moja na ile ya kitufe cha kuwasha. Hapa katikati yake palikuwa na swichi. Angekosea hatua moja zaidi juu, akauchukua waya kabla ya kitufe cha kuzima, mashine isingezima kwa kitufe kabisa, na kosa lingejulikana siku hiyo hiyo. Kosa lake lilikuwa la aina inayojificha.

Kulithibitisha hakuhitaji kuizungusha mota. Nilizima swichi kuu nikaifunga kwa kufuli, nikapima kuhakikisha hakuna umeme kwenye fezi zote tatu wala kwenye saketi ya udhibiti, kisha nikatoa fyuzi ya udhibiti ili mita isipate njia ya kuzunguka kupitia koili. Nikafungua kava, nikaweka mita kwenye kipimo cha kulia, ncha moja kwenye waya wa 3 na nyingine kwenye A1, kisha nikaisukuma kontakta kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili pointi ya 13 na 14 ifunge. Mita ililia. Kama waya ungekuwa mahali pake, ingenyamaza, kwa sababu swichi ya kava iliyo wazi ingekuwa imekata njia. Nikauhamisha waya kutoka 3 kwenda 4, nikarudia, mita ikanyamaza. Nikafunga kava, ikalia. Kisha nikaondoa mikanda, nikarudisha umeme, nikawasha mota ikiwa peke yake na kuinua kava kwa makusudi. Kontakta iliachia kwa mlio ule wa "tak" unaojulikana.

Mwendeshaji hakufurahi. Alinung'unika kwamba sasa akichungulia mkanda inambidi afunge kava, afunge na lango la hopa, ndipo abonyeze tena. Ni kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Kava likirudishwa, njia kuu inakuwa nzima tena, lakini pointi ya kujishikilia ilishafunguka, kwa hiyo mashine hukaa kimya mpaka mtu aamue kuiwasha, na akiiwasha ruhusa ya lango inaulizwa upya. Ila nilikuta kijiti cha kiberiti kimechomekwa pembeni ya kitufe cha kuwasha kwenye mashine ya jirani ili kibaki kimebonyezwa, na kwa hali hiyo mashine ingewaka yenyewe kava likifungwa tu huku lango likiwa limefungwa. Kwenye kidhibiti cha programu jambo hilo huzuiwa kwa kuhesabu kule kubonyezwa kwa kitufe na siyo kukaa kwake chini. Kwenye saketi ya waya dawa ni kukitoa kijiti na kutafuta sababu ya kuwekwa kwake, ambayo mara nyingi ni pointi ya kujishikilia iliyojaa vumbi la alizeti. Dalili yake ni mashine inayozunguka kitufe kikiwa kimebonyezwa na kuzima kikiachiwa.

Umeme kukatika ndipo pointi ya kujishikilia inapoonyesha thamani yake kuliko swichi ya kuzungusha. Swichi ya kuzungusha hubaki ilipoachwa, na umeme ukirudi saa nane usiku mota inaanza yenyewe, na silinda ikiwa imejaa mashudu yaliyopoa na kukauka, parafujo haizunguki. Saketi ya kujishikilia huachia umeme unapokatika na kungoja mtu. Huachia pia volti zikishuka sana: kontakta ya kawaida hutakiwa kuvuta kuanzia asilimia 85 ya volti za koili, yaani takriban volti 195 kwa koili ya volti 230, na huachia mahali fulani kati ya asilimia 75 na 20. Mashine inayozima ovyo jioni, volti za laini zinaposhuka, huenda haina kosa lolote la saketi. Hata hivyo, ruhusa ya lango ina mpaka wake hapa: inajua lango limefungwa, haijui kama silinda imejaa. Baada ya umeme kukatika kazi ikiwa katikati, kusafisha silinda kabla ya kuwasha kunabaki kuwa kazi ya mwendeshaji.

Aliye na kidhibiti cha programu aangalie zaidi kwenye neno K1 lililo ndani ya mabano. Kama ni kumbukumbu ya programu tu, na kidhibiti kina betri inayokishikilia umeme unapokatika, kumbukumbu hiyo itabaki kweli wakati kontakta imeachia, na umeme ukirudi mashine itawaka bila kuguswa. Nashauri pointi ya 13 na 14 ya kontakta iingizwe kwenye kidhibiti kwa waya, na hiyo ndiyo itumike kujishikilia badala ya kumbukumbu. Na kitufe cha kuzima kibaki kuwa cha pointi iliyofunga, ili waya ukikatika mashine izime. Maana yake ndani ya programu ingizo la ZIMA huwa kweli wakati kitufe hakijabonyezwa, jambo linalowapotosha wanaoanza hadi wanaligeuza mara mbili.

Swichi moja ya kava kupitia kontakta moja ina udhaifu ambao mahali pazuri pa waya hapauondoi. Pointi za kontakta zikigandana kwa kuungua, kava litafunguliwa na mota itaendelea, hata kama saketi imechorwa bila kosa. Mahali ambapo tathmini ya hatari inaonyesha mkono unaweza kufika kwenye puli, hutumika swichi ambayo pointi zake hulazimishwa kufunguka na kava lenyewe, rilei ya usalama yenye njia mbili, na kontakta mbili zilizofuatana ambazo rilei huzikagua kabla ya kila kuwasha. Na hata hapo puli haisimami papo hapo, kwani huendelea kuzunguka kwa msukumo wake baada ya kontakta kuachia. Kwa mashine ya Kibaigwa tulipima muda huo bila mzigo, tukaona kava linaweza kufunguliwa kwa mkono kabla puli haijatulia, kwa hiyo tuliondoa vile vishikizo vya kuvuta na kulifunga kava kwa boliti nne zinazohitaji spana. Swichi ilibaki mahali pake, kwenye njia kuu.